Sentimita 73.6: jinsi ya kukokotoa alama Z ya kimo kwa umri kwa mkono

Mtoto wa kike amelazwa kwenye ubao wa kupimia, na kipimo kinasomeka sentimita 73.6. Namba hiyo peke yake haisemi kitu. Kwa mtoto wa mwaka mmoja ni kimo cha kawaida kabisa, kwa wa miaka miwili ni udumavu mkali. Ili itoe maana inahitaji mambo mawili zaidi: jinsia na umri. Ukishayapata, unaweza kuuliza swali lenyewe, ambalo si "amepungukiwa sentimita ngapi?" bali "upungufu huo ni mkubwa kiasi gani ukilinganisha na jinsi watoto wa rika lake wanavyotofautiana wao kwa wao?" Jibu la swali hilo ndilo alama Z.

Kipimio tunachotumia ni viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vilivyotolewa mwaka 2006. Viwango hivi vilitokana na watoto wa nchi sita, yaani Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, waliochaguliwa kwa makusudi kutoka familia ambazo hali yake haikuzuia ukuaji: mama havuti sigara, mtoto ananyonyeshwa inavyoshauriwa, huduma za afya zinapatikana. Kwa hiyo majedwali yake hayaonyeshi watoto wa mahali fulani walivyo, yanaonyesha mtoto anavyokua pasipo kizuizi. Hilo ndilo linalomruhusu mtu yeyote, popote alipo, kumpima mtoto wake kwa jedwali lilelile.

Kwa kila jinsia na kila mwezi wa umri, jedwali linakupa namba mbili za kufanyia kazi. Ya kwanza ni mediani, inayoandikwa M, yaani kimo cha mtoto wa katikati: nusu ya wenzake wako juu yake na nusu chini. Ya pili ni mkengeuko sanifu, SD, unaoeleza watoto hao wametawanyika kiasi gani kuizunguka mediani. Kanuni ni fupi:

```
Z = (kimo kilichopimwa - M) / SD
```

Aliyewahi kuona kanuni ya alama Z ya uzito atashangaa iweje hii iwe nyepesi hivyo. Majedwali ya Shirika la Afya Duniani kwa kweli yana namba tatu, L, M na S, na kanuni kamili ina kipeo ndani yake. L ipo kurekebisha mgawanyo uliopinda. Uzito umepinda, kwa kuwa mtoto anaweza kuzidi uzito kwa mbali kuliko anavyoweza kupungua. Kimo hakina tabia hiyo: watoto wafupi na warefu wametawanyika kwa ulinganifu, kwa hiyo L yake ni 1 katika umri wote, na kanuni ndefu inajikunja yenyewe kuwa kutoa na kugawanya. Jedwali lako likiwa na S badala ya SD, zidisha tu: SD = M × S.

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Tuseme alizaliwa tarehe 14 Machi 2023 na kupimwa tarehe 2 Oktoba 2024.

Kazi ya kwanza ni umri, na ufanywe kwa siku. Kuanzia 14 Machi 2023 hadi 14 Machi 2024 ni siku 366, maana katikati kuna tarehe 29 Februari 2024. Kuanzia hapo hadi 14 Septemba ni siku 184. Hadi 2 Oktoba zinaongezeka 18. Jumla ni siku 568. Mwezi wa wastani una siku 30.4375 (ni 365.25 zilizogawanywa kwa 12), kwa hiyo umri wake ni 568 ÷ 30.4375 = miezi 18.66.

Jedwali la wasichana, kwa urefu wa kulala, linasema hivi:

```
Mwezi    M          S          SD
18       80.7079    0.03598    2.9039
19       81.7182    0.03620    2.9582
```

Mtoto yuko kati ya mistari miwili, karibu theluthi mbili ya njia. Mediani inayomhusu inapatikana kwa kuongeza sehemu hiyo ya tofauti: 81.7182 ukitoa 80.7079 ni 1.0103, mara 0.66 ni takriban 0.67, kwa hiyo M yake ni 81.38. Fanya vivyo hivyo kwa SD: tofauti ni 0.0543, mara 0.66 ni 0.036, na SD yake ni 2.94. Kisha:

```
Z = (73.6 - 81.38) / 2.94 = -7.78 / 2.94 = -2.65
```

Amepungukiwa sentimita 7.78, na upungufu huo ni sawa na mikengeuko 2.65 chini ya mediani. Alama ya kutoa ni sehemu ya jibu. Ikidondoka wakati wa kunakili, na hudondoka mara nyingi kuliko unavyodhani, mtoto aliyedumaa anageuka kwenye rejista kuwa mrefu kupindukia.

Ukiwa na jedwali lililochapishwa la nafasi moja ya desimali tu, lile lenye safu za −3 SD, −2 SD, mediani na kuendelea, bado unaweza kupata jibu zuri. Toa safu ya −2 SD kutoka kwenye mediani, gawanya kwa mbili, umepata SD. Kwa wasichana wa miezi 18 safu hizo ni 74.9 na 80.7: tofauti ni 5.8, nusu yake 2.9. Alama Z inakuwa (73.6 − 80.7) ÷ 2.9, yaani −2.45.

Mbona si −2.65? Desimali hazina hatia. Hesabu hii ya pili imetumia mstari wa mwezi wa 18 kana kwamba mtoto ametimiza miezi 18 leo, wakati ana karibu siku 20 zaidi. Katika siku hizo mediani imepanda sentimita 0.67, na kulinganisha na mediani ya nyuma kumempendelea. Kutumia miezi iliyotimia kunakubalika unaposoma kadi ya kliniki, ila ujue kwamba upendeleo huo siku zote unaelekea upande mmoja: mtoto huonekana afadhali kuliko alivyo. Anayefanya hesabu kwa ajili ya ripoti atumie siku.

Mipaka ya kuainisha ni miwili. Alama Z iliyo chini ya −2 ni udumavu. Iliyo chini ya −3 ni udumavu mkali. Inayoangukia kuanzia −3 hadi kabla ya −2 huitwa udumavu wa kati. Neno "chini ya" lisomwe kama lilivyo: −2.00 kamili haijavuka mpaka, −2.01 imevuka. Mtoto wetu mwenye −2.65 ana udumavu wa kati. Na alama iliyo chini ya −6 au juu ya +6 haiainishwi kabisa, huwekwa pembeni, kwa sababu karibu daima ni kosa la tarehe, la jinsia au la kipimo.

Mpaka wa −2 hauna siri yoyote ya kibaiolojia. Hata kwenye kundi la watoto wenye afya njema waliotumika kutengeneza viwango, kama asilimia 2.3 wako chini ya −2, na kama mmoja katika 750 yuko chini ya −3. Ni wafupi tu, kama wazazi wao. Kwa hiyo mtoto mmoja aliye na −2.1 hajathibitishwa kwamba lishe yake ina kasoro, na mwenye −1.9 hajathibitishwa kwamba yuko salama. Kwa kundi la watoto, mambo yanabadilika: ukikuta asilimia 30 wako chini ya −2 mahali ambapo ulitarajia 2.3, huwezi tena kusema ni ufupi wa kurithi. Ndiyo maana uainishaji huu una nguvu zaidi kwa jamii kuliko kwa mtoto mmoja, na kwa mtoto mmoja kinachofaa kuangaliwa ni mfululizo wa alama zake miezi inavyokwenda.

Tuone sasa hesabu inavyoharibika, kwa kutumia mtoto yuleyule na 73.6 ileile.

Kosa kubwa kuliko yote ni la umri. Tuseme hakuna kadi, na mama anasema mtoto "ana mwaka na nusu na kidogo", kumbe alizaliwa 14 Juni 2023, miezi mitatu baadaye. Siku zake si 568 bali 476, sawa na miezi 15.64. Mediani ya umri huo ni 78.21 na SD ni 2.77. Alama Z inakuwa −4.61 ÷ 2.77, yaani −1.66. Hana udumavu. Mtoto hajabadilika, ubao haujabadilika, mpimaji hakukosea hata milimita. Iliyokosewa ni tarehe. Kwa kuwa watu hukadiria umri kwa namba za mkupuo, dalili ya tatizo hili huonekana ukipanga umri wa watoto wote waliopimwa: mlundikano kwenye miezi 12, 18, 24 na 36, na mashimo katikati. Dawa yake ni kutafuta hati yenye tarehe, na pasipo hati, kalenda ya matukio: mama anaulizwa mtoto alizaliwa kabla au baada ya sikukuu fulani, mavuno, uchaguzi au mafuriko, hadi mwezi upatikane. Kumuuliza "ana miezi mingapi?" ni kujitafutia mlundikano.

Kosa la jinsia ni adimu ila kali. Ukimsoma mtoto wetu kwenye jedwali la wavulana, mediani inakuwa 82.91 na SD 2.74, na alama Z inashuka hadi −3.40. Kutoka udumavu wa kati kaingia udumavu mkali kwa sababu mtu alifungua ukurasa wa bluu.

Kisha kuna kipimo chenyewe. Gawanya 1 kwa 2.94 utaona kwamba kila sentimita moja ya kosa ni 0.34 ya alama Z, na sentimita moja hupotea kirahisi. Mtoto wa chini ya miezi 24 hupimwa amelala chali, na kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja yuko kichwani, anakishika kwa mikono miwili utosi uguse ubao usiosogea, macho ya mtoto yakitazama juu moja kwa moja. Kidevu kikiinama au kikiinuka, utosi haugusi pale unapopaswa kugusa. Wa pili anabana magoti kwa upole yanyooke na kusogeza kibao cha miguu kwa mkono wa pili hadi nyayo zote mbili zikae bapa, vidole vikielekea juu. Kosa la kila siku ni kupima mguu mmoja huku mwingine ukirusha mateke, nyonga inapinda na urefu unapungua. Nywele zilizosukwa juu ya utosi hufanya kinyume: zinaongeza. Husomwa hadi milimita ya mwisho iliyotimia, kisha mtoto anapimwa mara ya pili tangu mwanzo. Katika utafiti uliozaa viwango hivi, vipimo viwili vya wapimaji wawili vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 7, vyote vilirudiwa. Ni kanuni nzuri ya kuazima.

Kuna pia suala la kulala na kusimama. Mtoto yuleyule akilala huwa mrefu kuliko akisimama, kwa sababu uti wa mgongo haubebi uzito. Viwango vya 2006 viliweka tofauti hiyo kuwa sentimita 0.7, na majedwali yenyewe yanaruka kwa kiasi hicho: msichana wa miezi 24 ana mediani ya 86.4 akipimwa amelala na 85.7 akipimwa amesimama. Mpaka ni miezi 24. Aliye chini ya hapo akikataa kulala ukampima amesimama, ongeza 0.7 kabla ya kuingia kwenye kanuni. Aliyetimiza miezi 24 ukimpima amelala, toa 0.7. Ukisahau, kwa msichana wa miezi 24 mwenye SD ya 3.23 utakuwa umekosea kwa 0.22. Si nyingi, lakini inatosha kuwavusha mpaka wale wote walioketi karibu na −2. Fomu isiyo na sehemu ya kuandika "amelala" au "amesimama" ni fomu mbovu, maana baadaye hakuna atakayejua arekebishe nini.

Makosa haya yote yanapochanganyika kwenye data ya watoto wengi huacha alama moja inayotambulika: alama Z zinatawanyika kupita kiasi. Na mtawanyiko huo peke yake unaongeza udumavu hata kama makosa yanaelekea juu na chini kwa usawa. Chukua watoto ambao wastani wa alama Z zao ni −1.0. Mkengeuko sanifu wa alama hizo ukiwa 1.0, walio chini ya −2 ni asilimia 16. Ukiwa 1.5, kwa wastani uleule, wanakuwa asilimia 25, na walio chini ya −3 wanapanda kutoka asilimia 2 hadi 9. Katika daraja zinazotumiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF tangu 2018, asilimia 10 hadi chini ya 20 ni kiwango cha kati, na 20 hadi chini ya 30 ni kiwango cha juu. Yaani jamii imehamishwa daraja na upimaji ovyo. Ndiyo maana mtu mzoefu akipewa matokeo ya utafiti wa udumavu huangalia mtawanyiko kwanza, asilimia baadaye. Udumavu mkali unapokuwa mwingi kuliko unavyotarajia ukilinganisha na ule wa kati, anaanza kuuliza habari za tarehe za kuzaliwa.

Limebaki jambo moja linalowapotosha hata wanaokokotoa vizuri, nalo ni kusoma alama Z ya mtoto mmoja kwa miaka kadhaa. SD haikai palepale. Kwa wasichana ni 2.94 katika umri wa mtoto wetu, 3.23 akiwa na miezi 24, na takriban 4.75 akitimiza miezi 60, wakati mediani ni 109.4. Sasa fikiria kwamba mtoto huyu, kuanzia leo, anakua kwa kasi ileile ya mediani, bila kuziba hata sentimita moja ya upungufu wake. Akiwa na miezi 24, alama yake itakuwa −7.78 ÷ 3.23, yaani −2.41. Akiwa na miezi 60, itakuwa −7.78 ÷ 4.75, yaani −1.64. Rejista itaandika kwamba ametoka kwenye udumavu. Kinyume chake pia hutokea: ili abaki kwenye −2.65 hadi miezi 24, upungufu wake lazima uongezeke hadi takriban sentimita 8.6, na grafu itaonyesha mstari ulionyooka kana kwamba hakuna kilichoharibika. Anayefuatilia mtoto kwa muda mrefu aandike safu mbili bega kwa bega, alama Z na upungufu kwa sentimita. Safu ya pili haihitaji hesabu mpya, ni ile namba ya juu ya mstari wa mgawanyo ambayo umeshaipata kabla ya kugawanya kwa SD.